Umemaliza mkopo, mshahara bado unakatwa: namna ya kurudishiwa pesa iliyozidi

Kila mishahara ikitoka napokea suali lilelile kutoka Unguja na Pemba. Mtu amekusanya pesa zake, amelipa mkopo wote kwa mkupuo kabla ya muda, na mwisho wa mwezi karatasi ya mshahara inaonesha makato kama kawaida. Akenda kwa mkopeshaji anaambiwa, "Hatujaipokea." Akenda kwa mhasibu anaambiwa, "Sisi tumeshapeleka." Mwezi wa tatu anachoka, anasema basi, nimesamehe.

Usisamehe. Nimekaa miaka kwenye dawati la mikopo, na madai mengi ya aina hii niliyoyaona yakikwama yalikwama kwa sababu mbili tu. Ama mkopo haukuwa umefungwa kweli, umebaki na vishilingi ambavyo mwenyewe havijui, ama mtu anadai jumla ambayo haikubaliani na kilichofika kwa mkopeshaji. Mwongozo huu unazifuata sababu hizo mbili hatua kwa hatua. Nimeuandika kwa mfanyakazi anayelipa mkopo kwa makato ya mshahara, maana huko ndiko pesa nyingi zinakozidi.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kutoka nyumbani

- Mkataba wa mkopo, kurasa zote. Kama nakala yako imepotea, omba nyingine kwa mkopeshaji.
- Barua ya salio la kumalizia mkopo, ile uliyopewa kabla ya kulipa.
- Risiti ya malipo ya mkupuo, yenye tarehe na namba ya muamala.
- Karatasi za mshahara kuanzia mwezi mmoja kabla ya kulipa mpaka mwezi uliopo.
- Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi au cha NIDA, na kadi au karatasi yenye namba ya akaunti yako.
- Daftari. Kila ofisi utakayoingia andika tarehe, dawati na jibu ulilopewa.

Risiti nyingi huchapwa kwenye karatasi ya joto. Ukiiweka mfukoni au kwenye dashibodi ya gari inafifia na kuwa nyeupe tupu. Ipige picha na itoe kopi siku hiyohiyo uliyolipa.

## Hatua ya 1: Jua ni nani hasa anayekata

Makato ya mkopo yana njia mbili, na kila njia ina mlango wake wa kugonga.

Njia ya kwanza, mwajiri ndiye anayekata. Mshahara unapotayarishwa, mhasibu anaondoa rejesho, kisha anampelekea mkopeshaji pesa za watu wote kwa pamoja zikiambatana na orodha ya majina. Utaijua njia hii kwa kuangalia karatasi ya mshahara: upande wa makato kuna mstari wenye jina la mkopeshaji.

Njia ya pili, mwajiri anaingiza mshahara wako wote benki, na benki yenyewe inachukua rejesho ukishaingia. Hapo karatasi ya mshahara haina mstari wa mkopo kabisa. Pesa inaonekana ikitoka kwenye taarifa ya akaunti yako, kwa kawaida siku ileile mshahara ulipoingia.

Hili la pili ni jepesi, kwa sababu pesa haijatoka nje ya jengo. La kwanza ndilo linalosumbua watu, kwani kati ya mkono wa mhasibu na mkono wa mkopeshaji kuna siku kadhaa, na hapo katikati kila upande unaweza kukujibu ukweli wake na wewe usione pesa yako. Kuanzia hapa nazungumzia zaidi njia hiyo ya kwanza.

Ukifanikiwa: unaweza kusema kwa sentensi moja nani anakata na kwa mstari upi.

## Hatua ya 2: Omba taarifa ya mkopo na uitafute sifuri

Watu wengi huomba taarifa ya akaunti ya mshahara. Hiyo haitoshi. Mwambie ofisa, "Nataka stetimenti ya akaunti ya mkopo, kuanzia miezi miwili kabla sijamaliza mpaka leo." Mkopo una akaunti yake na namba yake, na mle ndimo pesa iliyozidi inamoonekana.

Ukiipata, shuka na kidole kwenye safu ya mwisho, ya salio. Tafuta siku ambayo salio lilifika sifuri. Siku hiyo ndiyo msingi wa dai lako lote. Kilichoingia kabla yake kilikuwa deni. Kilichoingia baada yake ni chako.

Sasa nieleze mtego, maana ndio unaowafelisha wengi. Nitatumia mfano wa mwalimu mmoja wa skuli karibu na Wete niliyemsaidia. Tarakimu nimezirahisisha kidogo ili hesabu ionekane.

Mkopo wake ulikuwa wa riba ya asilimia 15 kwa mwaka, inayohesabiwa kila siku juu ya deni lililobaki. Makato yake yalikuwa shilingi 185,000 kwa mwezi. Rejesho la mwisho lilifika kwa mkopeshaji tarehe 28 Disemba, na deni la msingi likabaki 1,850,000.

Tarehe 10 Januari akaomba salio la kumalizia. Mkopeshaji akahesabu hivi:

- Riba ya siku moja: 1,850,000 × 15 ÷ 100 ÷ 365 = shilingi 760 na senti kidogo.
- Siku 13, kutoka tarehe 28 Disemba mpaka 10 Januari: shilingi 9,884.
- Jumla ya kumalizia: shilingi 1,859,884.

Chini ya barua hiyo, kwa maandishi madogo, palikuwa na maneno kwamba salio hilo ni sahihi kwa siku ya barua tu. Mwalimu hakuyaona. Pesa zake nyingine zilikuwa kwa ndugu yake Unguja, zikachelewa, akalipa tarehe 14. Alilipa 1,859,884 kamili, senti haikupungua, akapewa risiti, akarudi nyumbani anamshukuru Mungu.

Lakini riba ilitembea siku nne zaidi. Mkopeshaji kwanza alichukua riba ya siku 17, shilingi 12,925, kisha kilichobaki kikapunguza deni la msingi. Deni likabaki shilingi 3,041.

Kwa mwalimu, mkopo umekwisha. Kwa mtambo wa mkopeshaji, mkopo uko hai na unadaiwa. Mkopo ulio hai haupelekewi mwajiri barua ya kusitisha makato, kwa hiyo mwisho wa Januari mhasibu akakata 185,000 kama kawaida, na hakukosea.

Ndiyo maana nasema tafuta sifuri kwenye stetimenti. Risiti ya malipo inathibitisha kwamba umelipa kiasi fulani. Haithibitishi kwamba kiasi hicho kilitosha. Vivyo hivyo na ada: baadhi ya mikataba ina ada ya kumaliza mapema, na kama haikuingizwa kwenye barua ya salio, nayo itauacha mkopo wazi. Tazama kifungu cha kumaliza kabla ya muda kwenye mkataba wako.

Waliokopa kwa utaratibu wa murabaha hawana riba ya kila siku, maana deni lao ni bei ya bidhaa iliyokubaliwa tangu mwanzo. Kwao sifuri inapatikana kirahisi zaidi: jumla ya bei, toa uliyolipa. Ila msichanganye mambo mawili. Kulipa zaidi ya bei ni ziada, na ni haki yenu kuirudishiwa. Kupunguziwa bei kwa kuwa mmemaliza mapema ni ombi jingine, linategemea mkataba na uamuzi wa benki, na liandikiwe barua yake.

Ukifanikiwa: una tarehe ya sifuri umeizungushia duara kwa kalamu. Kama salio halijafika sifuri, lipa hicho kidogo leo, dirishani, ukiwa umeomba hesabu ya leo. Usikiache hata kama ni shilingi mia.

## Hatua ya 3: Zima makato kabla ya kudai

Najua unataka pesa yako kwanza. Lakini kudai ya nyuma huku mwezi mwingine unakatwa ni kuteka maji kwa pakacha. Dai linalokua kila mwezi pia linampa mkopeshaji sababu ya kusema hesabu bado haijatulia.

Omba barua mbili kwa wakati mmoja: barua ya kutodaiwa, ambayo ni yako, na barua ya kusitisha makato, inayoandikwa kwa mwajiri wako. Mara nyingi utaambiwa, "Tutaituma sisi." Jibu kwa adabu kwamba hilo ni jema, lakini unaomba na nakala uipeleke mwenyewe. Barua inayotoka Chake Chake au Mjini kwenda kwa mwajiri inaweza kukaa kwenye trei wiki mbili. Wewe utaifikisha siku moja.

Ukifika kwa mhasibu, muulize suali moja: "Mabadiliko ya mshahara wa mwezi huu yanafungwa tarehe ngapi?" Mishahara haitayarishwi siku inapolipwa. Orodha hufungwa mapema, na barua ikifika siku moja baada ya hapo, mwezi huo utakatwa tena hata kama mhasibu ni ndugu yako wa tumbo moja. Ukijua tarehe hiyo hutashangaa wala hutagombana na mtu bure.

Gongesha muhuri wa kupokelewa na tarehe kwenye nakala yako. Pasipo muhuri, barua haikupelekwa.

Ukifanikiwa: una nakala ya barua ya kusitisha makato yenye muhuri wa mwajiri, na unajua mwezi gani utakuwa wa kwanza bila makato.

## Hatua ya 4: Oanisha karatasi ya mshahara na stetimenti, mwezi kwa mwezi

Hapa ndipo pale "hatujaipokea" na "tumeshapeleka" panapokutana. Chukua karatasi safi uchore safu nne. Upande mmoja andika kilichokatwa, kutoka karatasi ya mshahara. Upande wa pili andika tarehe kilipofika, kutoka stetimenti ya mkopo. Kisha salio au ziada.

Mwalimu wetu alikuja kwangu tarehe 3 Aprili akidai 555,000, yaani 185,000 mara tatu. Mkopeshaji alikuwa amemwambia anamuona na 366,942 tu, na yeye alishahisi anaibiwa. Tulikaa barazani tukachora hivi:

| Mwezi | Kilichokatwa | Kilifika lini | Ziada |
|---|---|---|---|
| Januari | 185,000 | 28 Januari | 181,942 |
| Februari | 185,000 | 27 Februari | 185,000 |
| Machi | 185,000 | bado | 185,000 |

Makato ya Januari yalilipa kwanza lile deni la 3,041 na riba yake ya siku 14, ambayo ni shilingi 17. Jumla 3,058. Kilichobaki, 181,942, ni ziada. Februari yote ni ziada. Kwa hiyo mkopeshaji alikuwa na 366,942 mkononi, kama alivyosema.

Machi ilikuwa imekatwa kwenye karatasi ya mshahara lakini stetimenti ya tarehe 3 Aprili haikuwa nayo. Ilikuwa bado njiani. Jumla ya haki yake ilikuwa 551,942. Tofauti na alichodai ni zile 3,058 za deni la kweli.

Nilimuona akiitazama karatasi kimya, kisha akasema, "Kwa hiyo hakuna aliyenidanganya?" Hakuna. Kila mmoja alikuwa anasoma ukurasa wake. Alipokwenda dirishani na jedwali hilo, ofisa alilisoma mara moja na hakubisha tarakimu hata moja.

Kuna mwezi ambao utaonekana umekatwa, siku nyingi zimepita, na kwa mkopeshaji haumo. Hapo usiendelee kumbana mkopeshaji. Rudi kwa mhasibu umuombe vitu viwili: mstari wenye jina lako kwenye orodha ya makato ya mwezi huo, na tarehe na namba ya malipo yaliyopelekwa. Mara nyingi pesa imefika, lakini namba ya mkopo kwenye orodha imekosewa, au mkopo ulikuwa umeshafungwa na mtambo ukakataa kuipokea. Pesa kama hiyo huwekwa kwenye akaunti ya sasipensi, ile ya pesa ambazo mwenyewe hajajulikana. Haionekani kwenye stetimenti yako hata ukiiomba mara kumi. Itapatikana tu mtu akiitafuta kwa namba ya malipo ya mwajiri. Kwa hiyo maneno ya kusema ni haya: "Naomba muangalie sasipensi, malipo ya tarehe fulani, namba fulani, kutoka kwa mwajiri fulani."

Na kama Machi bado iko kwa mwajiri, je, umuombe mhasibu akurudishie mwenyewe? Kwa uzoefu wangu, iache iende. Orodha ikishafungwa, kumtoa mtu mmoja ndani yake ni kazi ndefu kuliko kuidai kwa mkopeshaji ikishafika.

Ukifanikiwa: kila mwezi una majibu matatu: kimekatwa kiasi gani, kimefika lini, ziada ni ngapi. Jumla yako na ya mkopeshaji zinatofautiana kwa sababu unayoweza kuitaja.

## Hatua ya 5: Amua ziada iende wapi

Kabla hujaandika barua, amua. Ukisema tu "nirekebishieni", ofisa atachagua njia iliyo nyepesi kwake.

Kama huna mkopo mwingine hapo, omba pesa irudi kwenye akaunti yenye jina lako mwenyewe. Jina la akaunti lifanane na la kitambulisho na la mkataba. Hapa kwetu tuna tatizo la majina: kwenye mkataba umeandikwa majina matatu, kwenye benki mawili, na kitambulisho kina jina la babu kwa herufi nyingine. Tofauti ndogo kama hiyo inarudisha malipo nyuma. Kama ipo, itaje mwenyewe kwenye barua. Wala usiombe ilipwe kwenye akaunti ya mume au ya mtoto, utaongeza maswali.

Kama una mkopo mwingine kwa mkopeshaji huyohuyo, ziada inaweza kuhamishiwa huko. Usikubali kwa mdomo. Andika kwamba unataka ipunguze deni la msingi, na isishikwe kama rejesho la mwezi ujao. Ikishikwa, inakaa tu na riba ya deni lako inaendelea kuhesabiwa vilevile. Ikipunguza deni la msingi, kila shilingi 100,000 kwa riba ya asilimia 15 inakuokolea kiasi cha shilingi 1,250 kwa mwezi.

Maneno hayo yanamhusu pia aliyezidisha malipo huku mkopo wake bado unaendelea, kwa mfano aliyetaka kulipa 185,000 kwa wakala akaandika 285,000. Yeye ana nafasi ya kuchagua, ila awahi siku hiyohiyo. Malipo yakishaingizwa kwenye deni la msingi, kuyatengua kunahitaji idhini za juu na mkopeshaji anaweza kusema deni bado lipo, kwa hiyo hakuna kilichozidi. Binafsi, kama huna shida ya haraka, naona bora uiache pesa ipunguze deni.

## Hatua ya 6: Andika barua ya dai

Ukurasa mmoja unatosha. Usieleze machungu, usimtaje ofisa aliyekujibu vibaya. Barua hii itasomwa na mtu wa makao makuu, pengine Unguja au Dar es Salaam, ambaye hakujui na ana dakika tano. Mpe tarakimu.

> Wete, 4 Aprili
>
> Kwa Meneja wa Tawi
>
> YAH: KUOMBA KURUDISHIWA SHILINGI 551,942 ZILIZOKATWA BAADA YA MKOPO KUMALIZIKA
>
> Mimi ni mteja wenu, mkopo namba ____, namba ya mfanyakazi ____.
>
> Nililipa shilingi 1,859,884 tarehe 14 Januari kwa nia ya kumaliza mkopo. Kwa mujibu wa stetimenti yenu ya tarehe 3 Aprili, deni lililobaki lilimalizwa na makato yaliyofika tarehe 28 Januari.
>
> Tangu hapo ziada ni: Januari 181,942, Februari 185,000, Machi 185,000 (imekatwa na mwajiri, haijaonekana kwenye stetimenti).
>
> Naomba shilingi 366,942 zilizokwishafika zirudishwe sasa kwenye akaunti yangu namba ____, na makato ya Machi, pamoja na makato yoyote yatakayofika baada ya barua hii, yarudishwe yakipokelewa bila kuhitaji maombi mapya.
>
> Naambatanisha: stetimenti ya mkopo, risiti, karatasi za mshahara za Disemba hadi Machi, nakala ya barua ya kusitisha makato, kitambulisho.
>
> Jina, saini, namba ya simu

Angalia mambo mawili katika barua hiyo. Kwanza, inatenganisha kilichofika na kisichofika, ili kilichofika kisisubiri kingine. Madai mengi hukaa miezi kwa sababu mtu ameomba jumla moja, na jumla hiyo haiwezi kulipwa mpaka mwezi wa mwisho ufike. Pili, lile neno la "makato yoyote yatakayofika" linakuokoa na safari nyingine Aprili ikikatwa.

Peleka nakala mbili. Moja wabaki nayo, nyingine igongwe muhuri irudi kwako. Omba namba ya malalamiko au ya kumbukumbu, uiandike juu ya barua palepale dirishani.

Ukifanikiwa: unatoka ukiwa na muhuri, tarehe, namba ya kumbukumbu, na jina la kitengo kitakachoidhinisha.

## Hatua ya 7: Fuatilia kwa suali lenye jibu

Ukipiga simu na kuuliza, "Vipi lile suala langu?" utajibiwa, "Linashughulikiwa." Uliza hivi: "Dai namba fulani liko kitengo gani leo, na linasubiri saini ya nani?" Kwa walioko Pemba, jibu la kawaida ni kwamba faili limekwenda Unguja. Sawa. Uliza limekwenda lini na kwa njia gani. Kama ni kwa mkono, omba tawi liwatumie wa Unguja nakala kwa barua pepe ya ofisi wakati makaratasi yako njiani. Weka kila jibu kwenye daftari.

Muda wa kushughulikia malalamiko uulize siku ya kwanza, na uandike tarehe uliyoambiwa. Kanuni za Benki Kuu za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha za mwaka 2019 zinamtaka mtoa huduma awe na utaratibu wa kupokea na kujibu malalamiko, kwa hiyo si hisani unapouliza.

Tarehe ikipita, andika barua ya pili yenye kichwa MALALAMIKO, ukitaja namba ya ile ya kwanza. Ikishindikana hapo, panda ngazi. Mambo ya benki ni ya Muungano, kwa hiyo malalamiko dhidi ya benki yanakwenda Benki Kuu ya Tanzania, ambayo ina tawi Unguja. Watakuuliza kwanza kama umemlalamikia mkopeshaji mwenyewe, na zile nakala zenye mihuri ndizo jibu lako. Ushirika si jambo la Muungano. Aliyekopa kwenye SACCOS ya hapa Zanzibar aanze na kamati yake ya usimamizi, kisha idara ya ushirika ya Serikali ya Mapinduzi.

Onyo moja kubwa. Watu wakijua una pesa ya kurudishiwa, simu za matapeli zinaanza. Anajitambulisha kuwa ni wa benki, anakutajia hata jina la skuli yako, anasema ziada yako iko tayari ila utume kwanza ada ya usajili, au umsomee namba uliyotumiwa kwenye simu. Kata. Kurudishiwa ziada hakuhitaji namba yako ya siri, wala hakuna ada ya kutanguliza kwa simu. Chochote kinachohitajika utaambiwa dirishani na utaandikiwa.

## Hatua ya 8: Pesa ikiingia, hakiki mambo matatu

La kwanza, kiasi. Linganisha na jedwali lako, mwezi kwa mwezi. Ukiona kimepungua, omba maelezo kwa maandishi ya kila kilichotolewa. Gharama ya kuhamisha pesa inaweza kuwepo, lakini iwe na jina.

La pili, stetimenti mpya ya mkopo. Salio lisome sifuri kamili, lisiwe na ziada iliyobaki wala deni. Nimewahi kuona mtu amerudishiwa zaidi ya ziada yake kwa makosa. Mkopo ukafunguka upya bila yeye kujua, na baada ya miezi akaonekana mdaiwa sugu kwenye taarifa za mikopo. Ukiona umerudishiwa zaidi, rudi useme siku hiyohiyo.

La tatu, karatasi mbili za mshahara zinazofuata. Moja haitoshi, kwa sababu mstari wa makato ulioondolewa mwezi mmoja unaweza kurudi pale orodha ya zamani inapotumika tena.

Mwalimu wetu alipokea 366,942 katika wiki ya tatu ya Aprili. Barua yake ya kusitisha makato ilikuwa imewahi, kwa hiyo Aprili haikukatwa. Zile 185,000 za Machi zilikutwa sasipensi, orodha ya mwajiri ilikuwa imeruka tarakimu moja ya namba ya mkopo, na zikaingia Mei. Karatasi ya mshahara ya Juni alinitumia picha yake. Upande wa makato palipokuwa na mstari wa mkopo palikuwa patupu.